Sekunde Hamsini za Samwel

Generoza alifika dukani akiwa tayari amekasirika. Tangu saa kumi na mbili asubuhi simu yake ilikuwa haijapumzika, na kila ikiita ni mama Sikuzani, mwenye sendofu ya Jumamosi, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, anayetaka video ya binti yake "yote, kwenye WhatsApp, leo hii hii". Video yenyewe ilikuwa na urefu wa saa tatu. Generoza alishamweleza kwamba mzigo wa aina hiyo haupiti huko, aje na flashi. Mama Sikuzani akajibu kwamba mtoto wa dada yake aliyeko Uarabuni anatumiwa video kila siku na zinafika, kwa hiyo tatizo ni la Generoza.

Steshenari yake ilikuwa karibu na soko la Kilosa. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, alijaza fomu za watu mtandaoni, na wikiendi alipiga video za harusi na sendofu na kuzihariri kwenye kompyuta kuukuu iliyovuma kama mashine ya kusaga. Lakini kwa miaka hii miwili mitatu, kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa moja: watu kuja na video kubwa na kutaka iwe ndogo. Wana kwaya, mabwana shamba, wazee wenye kesi za mipaka, wote walikuja na sentensi ileile. "Inakataa kwenda." Akiwaeleza sababu, walimtazama kama mtu anayewanyima kitu.

Saa tatu akaingia mama kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni, nyuma yake kijana mwenye begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni. Nini, kopi?"

"Video," alisema yule kijana. "Inakataa kwenda."

Generoza alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua.

Mama yule aliitwa Limi. Walikuwa wametoka Mvumi, kwenye zile familia za wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Kijana alikuwa shemeji yake, Laurent, anayefanya kazi kwenye gesti moja Mikumi. Mtoto ni Samwel, miezi saba. Limi alieleza taratibu kwamba mtoto "anashtuka-shtuka", na nesi Imelda wa kliniki ya watoto alikuwa ameongea na daktari bingwa wa Dar es Salaam, Daktari Alfred. Daktari alitaka kuona kwa macho yake. Laurent alikuwa amerekodi Jumapili kwa simu yake mpya, akaituma WhatsApp, na daktari akajibu kwamba picha imefifia, hayaoni macho ya mtoto. Akasema itumwe kwa barua pepe ya ofisini kwao, isizidi MB ishirini na tano.

"Ya kwako ina ngapi?" Generoza aliuliza.

Laurent alitazama. "Mia saba sitini na tano."

"Eti ngapi?"

"Mia saba sitini na tano. Dakika sita. Nilijaribu kuituma kama dokumenti ili isipunguzwe ubora. Masaa mawili imefika asilimia kumi na moja, bando likaisha."

Angalau huyu alijua habari ya dokumenti. Generoza alichomeka waya, akaihamishia video kwenye kompyuta. Laurent akachomoa simu yake, akaaga, kwa sababu alitakiwa kazini mchana na Costa, basi dogo la Mikumi, ilikuwa inapiga honi. Generoza hakumzuia. Kwa nini amzuie? Video alikuwa nayo.

"Mama," Limi alisema, "pale muhimu ni mwanzoni, kabla hajal—"

Simu iliita. Mama Sikuzani. Generoza alimwonyesha Limi benchi kwa kidole, akapokea.

Alipokuwa anabishana na simu, printa ikaanza kutoa fomu za mtu mwingine kwa kishindo chake cha kawaida, na mtoto mgongoni mwa Limi akaamka. Generoza alimwona kwa pembe ya jicho: kichwa kiliinama ghafla, mikono ikarushwa mbele, kisha akatulia. Halafu tena. Ameshtushwa na printa, alijisemea. Limi alikuwa akimpungia mkono kwa nguvu na kusema "Ndiyo hiyo, mama, ndiyo hiyo!" lakini masikioni mwa Generoza kulikuwa na mama Sikuzani anayeuliza kama keki imeonekana vizuri.

Aliifanya kazi kama alivyozifanya nyingine zote. Aliiambia programu ya kubana video impe faili la MB ishirini na nne, akatuma. Baada ya dakika kumi barua ikarudi: kubwa mno. Generoza aligonga meza. Alikuwa amesahau jambo analolijua fika, kwamba kiambatisho cha barua pepe huvimba kwa karibu theluthi kikiwa njiani, hivyo MB ishirini na nne hufika mlangoni zikiwa thelathini na zaidi. Akarudia kwa MB kumi na nane. Ili dakika sita zienee humo, programu ikaipunguza picha mpaka ikawa ndogo, na fremu, zile picha tuli zinazopita kila sekunde, zikabaki nusu. Hii ikaenda.

Nesi Imelda akapiga. "Dada Generoza, daktari anasema uso wa mtoto umekuwa kama uji. Na mtoto anaruka-ruka kama sinema mbovu, hajui kama ni ugonjwa au ni video."

"Nani aliagiza zitumwe dakika sita?" Generoza aliwaka. "Mwambie ukitaka dakika sita kwenye MB kumi na nane unapata uji! Sufuria moja, watu sita. Nikimpa mtu mmoja anashiba."

"Basi mpe mtu mmoja."

Ni kweli. Dakika moja kwenye MB zilezile ingepata mara sita ya kile kila dakika ilichopata, na picha ingekuwa safi. Generoza alifungua video, akaisukuma mbele haraka-haraka akitafuta pa kukata. Dakika mbili za mwanzo mtoto yuko kwenye mkeka, hakuna kitu. Dakika ya tano ndipo kilio kilipoanza, mwili mwekundu, sauti za watu, Limi anamwinua. Hapo ndipo penye ugonjwa, alijisemea. Akakata dakika ya tano mpaka ya sita, akaibana vizuri, akatuma. Picha ilikuwa nzuri mno. Ungeweza kuhesabu kope.

Limi alikuwa ameinuka benchini. "Umekata wapi, mama?"

"Pale anapolia."

"Lakini—"

"Mama Samwel, imeshakwenda. Nenda ukamnyonyeshe mtoto."

Kisha, kwa kuwa kompyuta ilikuwa inalalamika haina nafasi na video ya sendofu ilikuwa inasubiri, alifuta lile faili la Laurent, akamwaga na kikapu cha takataka, akabonyeza sendofu ianze kutengenezwa.

Saa saba simu iliita. Safari hii namba ngeni.

"Mama, mimi ni Daktari Alfred. Wewe ndiye uliyehariri video ya mtoto Samwel?" Sauti ilikuwa ya upole na uchovu. "Picha nzuri sana. Lakini ninachokiona ni mtoto anayelia. Watoto wote hulia. Ninachokitafuta kinakuja kabla ya kilio, pengine anapoamka tu. Ni kitu cha sekunde moja au mbili, kinajirudia-rudia. Kichwa kinaanguka, mikono inafunguka. Ukiwa hujui unaweza kudhani ameshtuka."

Generoza aligeuka akaitazama printa.

"Mama, unanisikia? Kama ndicho ninachokihofia, si kitu cha kusubiri wiki. Kila siku ina maana kwenye kichwa cha mtoto huyu. Nitumie mwanzo."

"Nitakutumia, daktari," alisema Generoza.

Alijaribu kurudisha faili. Alijaribu kwa programu mbili. Lakini sendofu ya mama Sikuzani, saa tatu za nderemo na keki, ilikuwa imeshaandikwa juu yake, na kilichorudi kilikuwa faili lisilofunguka.

Limi alikuwa amekaa nje kwenye kivuli cha bati. Generoza alimfuata. Alikuwa amepanga maneno, lakini yalitoka vingine.

"Uliniambia mwanzoni."

"Nilikuambia," alisema Limi. Hakuonekana kukasirika, na hilo likamuumiza Generoza zaidi. "Na hapa hapa alishtuka. Mara nane. Nilihesabu."

"Tumrekodi akiamka tena."

"Si kila akiamka, mama. Jana hakushtuka kabisa. Ndiyo maana watu nyumbani wanasema ninajitungia."

Walimpigia Laurent. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kazini, pale gesti Mikumi.

"Ile video?" alisema. "Nimeifuta njiani. Si nilishawapa? Simu ilikuwa imejaa."

Generoza alishika kichwa. Akajizuia asipige kelele. "Laurent, sikiliza. Fungua pale zinapokaa picha. Kuna mahali panaitwa takataka, au vilivyofutwa karibuni. Usibonyeze kitu kingine."

Malori ya barabara kuu yalisikika yakipita.

"Ipo! Inasema siku thelathini."

"Rudisha. Umerudisha? Sasa fungua sehemu ya kuhariri, uikate, ubaki na dakika ya kwanza."

Nusu saa iliyofuata Generoza aliikumbuka kwa muda mrefu. Kwanza Laurent alimtumia picha ya skrini. Kisha alituma sekunde nne za dari. Kisha akaiweka video kwenye stetasi yake ya WhatsApp na kumwambia aitazame huko. Limi alimfokea kwa Kisukuma hadi akaitoa. Mwishowe akaazima simu ya mpishi, akairekodi skrini ya simu yake ikicheza ile video, na taa ya jikoni ikang'aa juu ya uso wa mtoto.

"Basi, basi!" alisema Generoza. "Usiguse kitu! Unaweza kubonyeza 'hifadhi' ukafunika ile nzima. Weka simu mezani. Nakuja."

"Mikumi?"

"Unajua Mikumi nyingine?"

Alifunga duka. Mama Sikuzani alimpigia akiwa anakaza kufuli. Generoza aliitazama simu ikiita, akaitia mfukoni.

Costa ya saa nane ilichelewa nusu saa. Wakakaa kiti cha nyuma ya dereva, Samwel amelala mapajani mwa mama yake. Nje mashamba ya mahindi yalikuwa yamekauka, na vumbi liliingia kila gari lilipowapita.

"Una watoto wangapi, mama?" Limi aliuliza hatimaye.

"Wawili. Wakubwa."

"Walikuwa wakicheka miezi saba?"

"Walicheka."

"Samwel alikuwa anacheka miezi minne," alisema Limi. "Akaacha. Nilimwambia mama mkwe, akasema watoto hubadilika. Lakini kuacha kucheka?"

Generoza alimtazama mtoto, na wakati ule ule Samwel akafumbua macho. Kichwa kikaanguka kifuani kana kwamba mtu amekata uzi. Mikono ikafunguka, ikakaa angani kitambo kifupi, ikashuka. Macho yalikuwa yamepanda juu. Akatulia, akahema. Sekunde chache. Tena.

"Moja," alisema Limi polepole. "Mbili."

Generoza alichomoa simu yake, akabonyeza kurekodi. Skrini ikamjibu: nafasi haitoshi. Ilikuwa imejaa sendofu. Alitaka kuitupa dirishani. Alifuta moja, akafuta ya pili, vidole vikiteleza, na alipokuwa anafuta ya tatu Limi alikuwa amefika kumi na moja na mtoto ameanza kulia. Kile kilio kilekile alichokuwa amekikata kwa ustadi na kumtumia daktari.

"Ameshamaliza," alisema Limi.

Generoza aliishusha simu. Machozi yalikuwa yamemjaa, ya hasira zaidi kuliko huruma, na hasira yote ilikuwa yake mwenyewe.

"Nisamehe, mama Samwel."

"Umeona sasa?" Limi aliuliza. Si kwa kumsuta. Alikuwa anataka tu kujua kama kuna mtu mwingine aliyeona.

"Nimeona."

Laurent alikuwa amewasubiri kwenye gesti, simu ameiweka juu ya meza ya mapokezi kama alivyoamriwa, na ameweka leso juu yake asiiguse mtu. Generoza alikaa nayo nje, uani. Safari hii hakuisukuma mbele. "Kaa hapa," alimwambia Limi. "Niambie."

Wakaitazama tangu mwanzo. Zile dakika mbili alizosema hazina kitu zilikuwa na kila kitu. Samwel amelala kwenye mkeka. Samwel anafumbua macho. "Hapo," alisema Limi. Kichwa, mikono. "Hapo tena."

"Nianzie kabla hajafumbua?"

"Daktari aone alikuwa amelala."

Generoza alikata tangu usingizini mpaka mshtuko wa saba, sekunde hamsini kamili, akabonyeza kuhifadhi nakala, ile nzima ikabaki salama. Kile kipande chenyewe kilikuwa MB mia moja na sita. Alishusha programu ndogo ya kubana kwa intaneti ya wageni wa gesti, akapunguza ukubwa wa picha hatua moja tu, kutoka mistari elfu moja themanini hadi mia saba ishirini. Fremu za kila sekunde hakuzigusa. Alijua sasa kwamba mshtuko wa sekunde moja unaishi humo. Sauti akaibakiza. Programu ikatafuna, ikatema MB kumi na saba.

"Zilitoka mia saba sitini na tano," alisema Laurent akishangaa. "Na inaonekana vilevile."

"Kwa sababu tumetoa kisichotakiwa," alisema Generoza. "Asubuhi nilitoa kinachotakiwa."

Alifungua kipande kile tena kabla ya kutuma, akampa Limi. Limi alikitazama mpaka mwisho. Akaona macho yanavyopanda. Akatikisa kichwa kukubali, ndipo Generoza akatuma. Saa kumi na moja na dakika tano. Intaneti ya gesti ilisuasua, ikakwama asilimia sabini, Generoza akaisemesha maneno ambayo yeye, mke wa katekista, hakutakiwa kuyasema, kisha ikaenda.

Daktari alipiga baada ya dakika ishirini. Hakuzunguka. Aliomba kuongea na mama mtoto, na Generoza akaweka simu kwenye spika. Daktari alimwambia Limi kwamba ameona, na kwamba yeye Limi hakuwa anajitungia kitu. Kuna ugonjwa wa degedege la namna hii kwa wachanga. Anahitaji kupimwa umeme wa ubongo na kuanza dawa haraka. "Mpo wapi?"

"Mikumi."

"Barabara kuu. Vizuri. Pandeni basi la kwanza asubuhi. Nitamwambia Imelda aandike rufaa, aitume kwa picha. Hiyo haina uzito." Kisha akauliza, "Na aliyekata hii video yupo?"

"Nipo, daktari."

"Huu ndio mwanzo niliokuwa nautaka. Asante."

Limi alilia baada ya simu kukatwa, kwa sauti ya chini, uso kwenye kanga. Laurent alisimama akitazama miguu yake, kisha akaenda kumpigia kaka yake huko Mvumi, na ubishi ulisikika kwa Kisukuma kwa muda mrefu. Akarudi akasema Ndaki, baba wa mtoto, amekubali waende; ametumiwa kile kipande, naye amekitazama.

Costa ya kurudi Kilosa ilikuwa imeshaondoka, hivyo Generoza alilala pale gesti chumba kimoja na Limi na mtoto. Asubuhi aliwasindikiza barabarani. Mabasi ya kutoka Iringa yalipita mawili yamejaa. La tatu likasimama.

Alipowasha simu alikuta ujumbe ishirini na sita, ishirini na mbili wa mama Sikuzani. Alimjibu akiwa kwenye Costa: aje achukue flashi, au achague dakika mbili anazozipenda, atamtengenezea ziende WhatsApp zikiwa safi. Mama Sikuzani akajibu kwamba anapenda zote. Wakagombana mpaka Kilosa.

Wiki tatu baadaye Limi alipiga kutoka Dar es Salaam. Mishtuko ilikuwa imekoma siku ya tisa ya dawa. Daktari hakutaka kuahidi mengi. Alisema wamewahi, lakini hawakuwahi sana, na mtoto atafuatiliwa kwa miaka. Kisha Limi akasema kuna kitu anataka kumtumia, ila kimekataa kwenda.

"Kina dakika ngapi?" Generoza aliuliza, akijishika kiuno.

"Nne."

"Mama Samwel! Kata. Muhimu kiko wapi?"

Limi alicheka. Akaenda kuikata kama alivyoona ikikatwa kule uani, na baada ya muda video ikaingia: sekunde tisa, wodi yenye mapazia ya kijani, na Samwel anamtazama mtu asiyeonekana, uso unajikunja, unasita, kisha unacheka.

Dukani kulikuwa na mzee mwenye kesi ya mpaka aliyekuwa akisubiri na simu mkononi. Generoza aliitazama ile video mara tatu, akamgeukia.

"Kaa hapa karibu nami, mzee," alisema. "Nionyeshe kwanza wewe mwenyewe unataka waone nini."